Utambulisho wa Kassian Tawete

Vitalis Mgongolwa alichaguliwa kuwa mwenyekiti wa kijiji cha Lihangweni kwa sababu ni Mhehe, na hiyo ni sababu ya ajabu kidogo ukizingatia kwamba kijiji karibu chote ni cha Wangoni. Koo tatu kubwa ziligombania kiti miezi miwili mizima, hadi watu wakaacha kusalimiana kanisani. Mwisho mzee mmoja akasimama mkutanoni akasema, "Tumpe yule mtani wetu. Akikosea tutamtukana bila kuvunja undugu." Watu wakapiga makofi. Vitalis aliyekuja miaka thelathini na miwili nyuma kama karani wa mizani wa chama cha ushirika cha tumbaku, akaoa hapohapo, akazika mke hapohapo, akajikuta na muhuri.

Muhuri aliuweka kwenye kopo la maziwa ya unga, pamoja na kidau cha wino na kipande cha kitambaa. Hakulipwa mshahara. Alilipwa matusi, na aliyakusanya kwa furaha. Hakuna Mngoni wa Lihangweni aliyepita mbele ya nyumba yake bila kumuuliza kama leo Wahehe wamepata viatu, naye hakumwacha Mngoni yeyote apite bila kumkumbusha jinsi babu zake walivyokimbia. Maana hiyo ndiyo kesi ya zamani kati yao. Wangoni na Wahehe walipigana enzi za mababu, na mpaka leo kila upande unaapa kwamba ni wenzao ndio waliotimua mbio. Vita iliisha, utani ukabaki, na utani una sheria zake ngumu kuliko za serikali: mtani humwambii neno jema usoni, humsifu mbele za watu, na akikutukana hukasiriki. Ukivunja, unatozwa kuku.

Kati ya watani wote wa Vitalis, mkubwa alikuwa Kassian Tawete.

Kassian alikuwa mkulima wa tumbaku ya moshi, mtu mrefu mwenye goti bovu na sauti ya kuita ng'ombe. Shamba lake lilipakana na la Vitalis, na kwa miaka thelathini na miwili hakuna asubuhi waliyoamkiana kama watu. "Umeamka, mla makombo?" "Nimeamka, mzao wa mkimbizi. Goti lako limeamka au bado?" Ndiyo ilikuwa salamu. Mgeni akiwasikia angedhani wanadaiana damu.

Sasa Jumatatu moja ya mwezi wa tatu, Kassian akakata nguzo sita za uzio wa Bwana Sadoki. Sadoki ni mwenye mashine ya kusaga, mtu wa kuja, na alikuwa amezungusha seng'enge mpaka akaifunga njia ya kisimani. Kijiji kilikuwa kimeshamwandikia barua mbili kuhusu njia hiyo, na alikuwa anazitumia kufungia sukari dukani. Kassian hakuandika barua. Alikuja na shoka saa nne asubuhi, akamsalimia Sadoki vizuri, akakata nguzo sita huku akipiga mluzi, akamuaga mwenye mashine kwa heshima. Jioni polisi walimfuata. Kesho yake alisimamishwa mahakama ya mwanzo kwa kosa la kuharibu mali kwa makusudi, akakana, akaomba dhamana.

Hapo ndipo Sadoki alipoinua mkono. Alisema mshitakiwa ana ndugu ng'ambo ya mto Ruvuma, upande wa Msumbiji, na akiachiwa atavuka. Hakimu akaandika. Akasema dhamana ni haki yake mshitakiwa kwa kosa hili, lakini mahakama inataka kuwa na uhakika. Waletwe wadhamini wawili wenye barua za utambulisho, na juu ya hapo iletwe barua ya serikali ya kijiji inayomtambulisha mshitakiwa mwenyewe: makazi yake ya kudumu, shughuli zake, tabia yake, na kama kuna hofu ya kutoroka. Mpaka hapo, mahabusu.

Ingekuwa ni siku za kawaida, barua hiyo angeiandika afisa mtendaji wa kijiji, binti msomi mwenye mfano wa barua tayari, unabadilisha jina tu. Lakini mtendaji alikuwa kwenye likizo ya uzazi, na anayemkaimu alikuwa na vijiji viwili na pikipiki isiyowaka. Kwa hiyo Osmunda, mke wa Kassian, alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti, akachechemea mpaka kizingitini maana nyonga yake ilikuwa mbovu kama goti la mumewe.

"Mtani," alisema, "tumbaku imeiva."

Vitalis hakuhitaji maelezo. Alikuwa amepima tumbaku ya watu wa pale nusu ya maisha yake. Jani likishaiva ni siku nane, kumi ukibahatika. Baada ya hapo linakuwa jepesi, linapata madoadoa, na mwenye mizani haliangalii mara mbili. Majani yavunwe, yafungwe kwenye fito, fito zipandishwe ngazi kwa ngazi mpaka juu kabisa ndani ya bani, lile banda refu la kukaushia, kisha moto uchochewe polepole mchana na usiku na mtu anayeujua. Osmunda hawezi kupanda bani. Watoto wako mijini. Na majirani wote tumbaku zao zimeiva wiki hiyohiyo.

"Barua nitaandika leo," alisema Vitalis. "Mwambie yule mla kunguni wa mahabusu asizoee ugali wa bure."

Osmunda alicheka kidogo, akaondoka.

Barua za wadhamini zilimchukua dakika kumi. Mmoja alikuwa Bakari, fundi baiskeli, Myao, asiye mtani wake. Mwingine alikuwa katekista Gaudens, Mngoni ndiyo, ila mtu wa sakramenti hataniwi. Wote wawili aliwaandika kuwa ni wakazi wa kudumu, watu waaminifu, wenye nyumba na mashamba, akagonga muhuri kwenye kona ya picha zao, akamaliza.

Ya Kassian ikamshinda.

Aliandika "ni mtu mwaminifu" akakata. Mkono ulikataa. Aliandika "ni raia mwema" akasikia aibu kama mtu aliyevuliwa shati sokoni. Alijua barua itapita kwa Bakari, kwa katekista, kwa karani wa mahakama ambaye ni Mngoni, na kufikia jioni kijiji kizima kitakuwa kinajua kwamba Mgongolwa amemsifu Tawete kwa maandishi na muhuri wa serikali. Kuku mmoja asingetosha. Wangemtoza mbuzi. Tena ni nani angeelewa? Hakimu wa pale alikuwa mzee Tegemea, aliyekaa miaka kumi na minne, anayejua nani mtani wa nani mpaka vitukuu. Tegemea angepokea barua tamu ya Mhehe kwa Mngoni akasema hii imeghushiwa.

Basi akaandika kama alivyojua. Kalamu ikaanza kukimbia.

"YAH: UTAMBULISHO WA NDUGU KASSIAN TAWETE. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi mwenyekiti wa kijiji cha Lihangweni nakiri kumfahamu mtajwa kwa miaka thelathini na miwili, jambo ambalo sikuliomba. Ni mkazi wa kudumu wa kijiji hiki, kwa bahati mbaya ya kijiji. Shughuli yake ni kilimo cha tumbaku, na muda mwingi ni kukaa. Kuhusu hofu ya kutoroka: kabila lake lina uzoefu mkubwa. Babu zake walikimbia kutoka Afrika ya Kusini bila kupumzika, wakafika hapa, wakawaona babu zetu, wakakimbia tena. Hata hivyo yeye binafsi hawezi, kwa sababu ya goti na uvivu. Tabia yake ninaijua vizuri na ninaogopa kuiandika. Namwomba Mheshimiwa atuletee mzigo wetu, kwani akikaa huko atamaliza chakula cha serikali. Ninatanguliza shukrani."

Alisoma mara mbili, akacheka peke yake, akagonga muhuri kwa nguvu.

Asichojua ni kwamba mzee Tegemea alikuwa amestaafu wiki tatu zilizopita.

Hakimu mpya aliitwa Mheshimiwa Alistidia Mutabuzi, alitoka Bukoba, na alikuwa na siku ishirini tu ndani ya wilaya ile. Mwanamke makini, mwenye miwani na daftari lake la kibinafsi pembeni ya jalada. Alhamisi aliipokea barua, akaisoma kimya. Akairudia. Akamtazama mshitakiwa, akatazama barua, akaomba maji ya kunywa.

"Nitaisoma kwa sauti," alisema, "ili iingie kwenye kumbukumbu."

Akaisoma. Bakari alituambia baadaye kwamba hajapata kuona jambo kama lile: hakimu anasoma kwa sauti ya mazishi, na karani Winfrid ameziba mdomo kwa mkono wa shati, mabega yanamtetemeka. Alipofika kwenye babu zake Kassian kuwaona babu zake Vitalis, ukumbi mzima uliguna. Kassian kizimbani alikuwa amekunja shingo, machozi yanamtoka kwa kujizuia. Kwenye "uvivu" akashindwa, akaangua kicheko.

"Mshitakiwa! Kuna kinachokuchekesha?"

"Samahani, Mheshimiwa. Nashangaa tu kwamba Mhehe amejua kuandika."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mheshimiwa Alistidia akamwonya juu ya kudharau mahakama. Akasema katika miaka yake tisa ya kazi hajawahi kuona serikali ya kijiji ikimpinga mwanakijiji wake kwa ukali kiasi hiki. Karani Winfrid alijaribu kusimama. "Mheshimiwa, hawa ni watani..." "Karani, wewe ni shahidi?" Akakaa. Hakimu akaandika kwamba barua inathibitisha historia ya kutoroka katika ukoo wa mshitakiwa, inadokeza tabia ambayo kiongozi anaogopa hata kuitaja, na kwamba mwandishi wake aje mwenyewe Jumatatu aeleze kwa kiapo. Dhamana isubiri. Kassian akarudishwa mahabusu, na Bwana Sadoki akatoka nje akiwa na uso wa mtu aliyeshinda bahati nasibu.

Habari zilimkuta Vitalis anapalilia mihogo. Kwanza alicheka. Halafu akaona anayezileta ni Osmunda, na kwamba Osmunda hachekeshwi.

"Siku nne mpaka Jumatatu," alisema. "Majani ya chini yameshaanza madoa."

"Mtani, yule mama hakuelewa tu. Tegemea angekuwepo..."

"Tegemea hayupo. Aliyepo amesoma ulichoandika."

"Sasa wewe Mngoni, na wewe unanikasirikia? Sheria zimebadilika lini?"

"Leo sina utani, Vitalis."

Alimwita jina. Kwa miaka thelathini na miwili Osmunda hakuwahi kumwita jina. Alimwita mla makombo, alimwita mtani, na siku alipofiwa alimwita yatima mzee, lakini jina hakulitamka. Vitalis alibaki na jembe mkononi akihisi kama amefukuzwa kijiji. Ni kweli alikuwa ameandika vile kwa kuogopa kuchekwa. Mtu yuko ndani, mazao yanakufa, na yeye alikuwa anahesabu kuku wa faini. Alijichukia, na alistahili.

Ijumaa na Jumamosi alivuna tumbaku ya Kassian kabla ya kugusa ya kwake. Osmunda alifunga majani kwenye fito akiwa amempa mgongo. Vitalis alizipandisha fito bani mpaka ngazi ya pili, kichwa kikamzunguka, akashuka. Ngazi za juu alizijua Kassian, na kuwasha moto alikujua Kassian. Jumapili fito mia na kitu zilikuwa zimeegeshwa ukutani zikisubiri mtu.

Jumatatu alivaa koti la harusi yake. Ukumbi wa mahakama ulijaa mpaka madirishani, kwa sababu habari ilikuwa imetembea tarafa nzima kwamba Mhehe anakwenda kula kiapo kuhusu nani alikimbia vitani. Wangoni walikuja kutoka vijiji vitano. Wengine walikuwa wamebeba chakula.

Vitalis akashika Biblia, akaapa kusema kweli tupu. Kassian alikuwa kizimbani, amekonda kidogo, shati limechafuka. Waliangaliana. Kassian akatoa ncha ya ulimi, upesi, hakimu asione.

"Mwenyekiti," alianza Mheshimiwa Alistidia, "barua hii ni yako?"

"Ni yangu, Mheshimiwa."

"Umeandika kwamba babu zake mshitakiwa walikimbia mara mbili. Ni kweli?"

Wa madirishani wakasukuma vichwa ndani.

"Mheshimiwa... sikuwepo."

Kwa kicheko kilichotokea, hakimu aligonga meza mara tatu. "Kwa hiyo umeiandikia mahakama jambo usilolijua?"

"Babu yangu alinisimulia."

"Naye alikuwepo?"

"Alikuwa tumboni mwa mama yake, Mheshimiwa. Mama yake naye, nakubali, alikuwa anakimbia. Ila alikuwa anakimbia kuelekea kwao, kwenda kuwahi chakula."

"Amekiri!" mzee mmoja alipiga yowe dirishani. "Wameandika? Karani, umeandika?" Karani Winfrid alikuwa anaandika kwa bidii ambayo hajawahi kuionyesha. Mheshimiwa Alistidia alimtoa yule mzee nje na wenzake wawili, akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mwenyekiti, nisikilize. Karani alikuja ofisini kwangu Ijumaa, akanieleza habari ya utani wenu. Nimemwelewa. Hata kwetu watu wana mizaha yao. Lakini mimi siwezi kumwachia mtu kwa mzaha, wala kumfunga kwa mzaha. Ninachohitaji ni jambo moja, na nitaliuliza mara moja. Ukiweka utani pembeni, mtu huyu ni mtu wa namna gani? Akiachiwa leo, atarudi hapa siku nitakayomwita?"

Vitalis alimtazama Kassian. Kassian hakuwa anacheka tena. Alikuwa anatikisa kichwa, polepole, akimwambia usiseme. Na mimi nakwambia wewe unayesoma, kama hujazaliwa katika mambo haya, kwamba kichwa kile kilikuwa kinaomba kweli. Kusifiwa na mtani wako hadharani ni kama kuvuliwa nguo. Na anayesifu naye amevua.

"Mheshimiwa," alisema Vitalis. Akakohoa. "Mke wangu alifariki mwaka wa mafuriko. Tulipofika makaburini na jeneza, tukamkuta huyu amelala ndani ya kaburi. Amejifunika gunia."

"Amelala ndani ya kaburi?"

"Ndani kabisa. Watani ndivyo wanavyofanya. Akasema kaburi ni lake, kaliwahi tangu alfajiri, sisi tutafute jingine. Tukamsihi. Akasema Mhehe hana adabu, anamleta mke kwenye nyumba ya watu bila kubisha hodi. Akasema marehemu alikuwa Mngoni mwenzake, aliteseka vya kutosha kulala pembeni yangu, aachwe apumzike na watu wa maana. Mheshimiwa, nilikuwa sijala siku tatu. Nilikuwa nimeshaficha kamba chini ya godoro, hilo sijamwambia mtu yeyote mpaka leo. Nikacheka. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye udongo. Ndipo akatoka, akaniinua, akanipeleka kwake, nikakaa kwake wiki mbili, na wiki zote mbili alinitukana asubuhi na jioni bila kupumzika."

Hakuna aliyekuwa anacheka.

"Huyu mtu hatatoroka. Hajui kumwacha mtu. Ni mtu mwema kuliko wote ninaowafahamu, na barua niliandika kijinga kwa sababu niliona haya kuliandika hilo. Akitoroka, mnifunge mimi."

Kassian alikuwa ameinamia mbao za kizimba, ameficha uso. Mtu mmoja nyuma alipenga kamasi. Mheshimiwa Alistidia aliandika muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na alipozungumza alizungumza na jalada.

"Mahakama haimfungi mtu kwa niaba ya mwingine, Mwenyekiti. Dhamana imekubaliwa. Wadhamini wasaini bondi. Mshitakiwa, utafika hapa tarehe itakayotajwa bila kukosa, na hutasogelea uzio wa mlalamikaji ukiwa na shoka."

"Na bila shoka, Mheshimiwa?" aliuliza Kassian kwa sauti iliyojaa maji.

"Utoke kabla sijabadili mawazo."

Bakari na katekista wakasaini. Kassian akasaini. Walipotoka nje, Vitalis alimsubiri chini ya ngazi na koti lake la harusi, akiwa ametayarisha tusi zuri la kumkaribishia. Kassian akampita. Hakumsalimia, hakumtukana, akachechemea mpaka kwenye pikipiki ya Bakari, akapanda, wakaondoka. Vitalis alirudi kwa miguu, na njia nzima Wangoni aliokutana nao walimpa salamu ya adabu. "Shikamoo, mzee." Salamu ile ilimchoma. Alikuwa amekiri mara mbili kwa siku moja, mbio za mababu na yale mengine, na sasa walikuwa wanamheshimu kama mgonjwa.

Jioni hakuweza kukaa. Aliona moshi wa kwanza unatoka kwenye bani la Kassian, mwembamba, wa mtu anayejua anachofanya. Akachukua kuku wake jike, mwekundu, akavuka mpaka.

Kassian alikuwa juu ngazi ya nne, miguu imetanuka juu ya boriti, anapokea fito za mwisho kutoka kwa Osmunda. Hakugeuka.

"Umeleta nini?"

"Faini."

"Kuku mmoja? Kwa maneno yale?" Sauti yake ilitoka gizani juu. "Umeniharibia, Vitalis. Nitatembeaje? Leo mtoto wa jirani Haule kaniamkia kwa magoti. Mimi! Wewe umenizika nikiwa hai."

"Dai ng'ombe basi, nikose, tuishie hapo."

"Na ile kamba," alisema Kassian, taratibu. "Hukuniambia ile kamba."

"Ungenicheka."

"Ningekucheka, ndiyo. Ndiyo kazi yangu, mjinga wewe."

Osmunda alipokea kuku, akampapasa kifua. "Amekonda," alisema. "Kama mwenyewe. Ingia ndani, mla makombo, moshi unakutoa machozi."

Kassian alishuka, goti likilia, akaketi karibu na moto. Akasukuma gogo moja ndani, akarudisha moja nje, mpaka moto ukabaki mdogo kama anavyotaka. Halafu akasema ana shida ya kiofisi.

"Ofisi imefungwa."

"Ile barua ya kwanza. Nimemwomba karani, amesema imeshaingia kwenye jalada, haitoki. Niandikie nyingine. Neno kwa neno. Na muhuri."

"Ya nini?"

"Yale uliyosema leo watu wameyasikia. Siku nikifa watataka uyarudie, na wewe kwa ulivyo mjinga utayarudia, wataanza kulia. Mimi sitaki. Nataka usimame pale, uwasomee ile barua, mpaka mwisho, chakula cha serikali na yote. Babu zangu wakimbie."

Vitalis alimtazama. Alitaka kusema jambo, akalimeza, kwa sababu lilikuwa jema.

"Na nikitangulia mimi?"

"Nitalala kaburini mwako nikiwa nayo, nitaisoma kutokea huko. Sauti ninayo."

Basi Vitalis alimtuma Osmunda daftari, yeye mwenyewe akaenda kuleta kopo la maziwa ya unga. Akaandika kwa mwanga wa moto wa tumbaku, neno kwa neno, bahati mbaya ya kijiji, uzoefu mkubwa, goti na uvivu. Alipomaliza akarudi juu, mkono wa kulia, mahali pa tarehe, akauliza leo ni tarehe ngapi.

"Hapo paache," alisema Kassian. "Utapajaza siku yenyewe."

Vitalis akapaacha wazi. Akafungua kidau, akalowanisha muhuri, akagonga.